Pesa za benki si mauzo yote

Mamlaka ya Ushuru Kenya, KRA, ikishuku kwamba mauzo uliyotangaza ni madogo kuliko biashara yako, huwa inachukua taarifa za benki na za M-Pesa, inajumlisha kila kilichoingia, inatoa mauzo uliyotangaza, na kinachobaki inakihesabu kuwa mauzo yaliyofichwa. Jopo la Rufaa za Ushuru huikubali njia hiyo. Udhaifu wake ni kwamba taarifa ya benki huonyesha pesa zilizoingia bila kusema ziliingia kwa sababu gani.

Tuchukue mfano wa kampuni ndogo inayouza vifaa vya ujenzi. Kwa mwaka mmoja ilitangaza mauzo ya shilingi 10,000,000 bila VAT, na katika akaunti zake zikaingia 15,180,000. Tofauti ni 5,180,000. Juu yake afisa anatoza VAT ya asilimia 16, yaani 828,800, na kodi ya mapato ya asilimia 30, yaani 1,554,000. Jumla ni 2,382,800, na riba na faini bado.

Mwenye kampuni anayeandika kwamba biashara ni mbaya na kodi imemzidi hatasaidika. Sheria ya Taratibu za Kodi, katika kifungu cha 56, imemtwika mlipa kodi jukumu la kuonyesha kwamba makadirio yamekosewa. Kwa hiyo anakaa na taarifa zile na kuuliza kila ingizo kubwa limetoka wapi.

Anakuta 2,000,000 ni mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Mkataba upo, na tarehe ya kutolewa inalingana na tarehe ya benki. Nyingine 1,000,000 ni pesa zake mwenyewe alizohamisha kutoka M-Pesa kwenda benki, nazo zimehesabiwa zilipoingia kwenye simu na tena zilipofika benki. Kosa la tatu ndilo watu wengi hulipita bila kuliona. Mauzo aliyotangaza hayana VAT, lakini wateja walilipa pamoja na VAT. Shilingi 10,000,000 za mauzo huingia benki zikiwa 11,600,000, na ile 1,600,000 ilishatangazwa na kupelekwa KRA. Ukilinganisha fungu lenye VAT na fungu lisilo nayo, lazima tofauti itokee hata kwa mfanyabiashara mnyofu kabisa.

Yote hayo ni 4,600,000. Zinabaki 580,000 asizoweza kuzieleza, na kwa maoni yangu hapo ndipo pingamizi nyingi huharibika, kwa sababu mtu hukana kila kitu na afisa huacha kumwamini hata pale anaposema kweli. Heri akiri kwamba hayo ni mauzo: 500,000 za bidhaa na 80,000 za VAT.

Kisha kila kosa linafungwa na kifungu chake. VAT, kwa kifungu cha 5 cha sheria yake, hutozwa kwa bidhaa au huduma iliyotolewa, na mkopo si bidhaa iliyouzwa. Kodi ya mapato hutozwa kwa mapato, na deni la kurudishwa si mapato. Hata zile 500,000 si faida tupu: kifungu cha 15 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinaruhusu kutoa gharama zilizotumika kupata mapato hayo. Akiwa na ankara za 350,000 za kununulia bidhaa hizo, ambazo hakuzitoa kwenye ritani ya awali, faida ni 150,000 na kodi yake 45,000. Kwa gharama za kuanzia Januari 2024, KRA hudai ankara za eTIMS. Risiti ya kuandikwa kwa mkono haitoshi tena.

Kwa hiyo anakubali 125,000 na kupinga 2,257,800. Hiyo aliyoikubali ailipe, au aiombe KRA muda zaidi wa kuilipa, kabla ya kuwasilisha pingamizi. La sivyo pingamizi si halali. Linawasilishwa kupitia iTax ndani ya siku 30 tangu kupewa uamuzi, likitaja sababu, marekebisho yanayoombwa, na nyaraka zote zikiwa zimeambatishwa. Aliyechelewa anaweza kuomba muda zaidi kwa sababu kama ugonjwa au kuwa nje ya nchi, ila alete ushahidi, na asionekane aliendelea kukawia baada ya kupona au kurudi.

Sababu zote ziandikwe mapema, maana kwenye Jopo mtu hubanwa na zile alizozitaja katika pingamizi, isipokuwa Jopo lenyewe limruhusu kuongeza. KRA nayo ina siku 60 za kujibu pingamizi halali. Zikipita kimya, sheria inahesabu kwamba pingamizi limekubaliwa, ndiyo maana inafaa kuweka salama ile stakabadhi ya iTax yenye tarehe. Jibu likija kinyume, siku 30 nyingine zinaanza kuhesabiwa za kwenda kwenye Jopo.