Fahamu: Jiwe la Rosetta lilivyowezesha maandishi ya picha ya Misri kusomeka
Jiwe hilo lilipatikana mwaka 1799 mjini Rashid, Misri. Limechongwa tangazo moja la mwaka 196 kabla ya Kristo kwa hati tatu: hieroglifu, demotiki na Kigiriki, ambacho wasomi walikijua.

Maandishi ya Kigiriki yanamtaja mfalme Ptolemaio. Kwenye hieroglifu, majina ya wafalme huzungushiwa mstari kama kitanzi, hivyo jina lake lilijulikana lilipo. Lakini jina moja halitoshi kuthibitisha sauti, na sehemu kubwa ya hieroglifu za jiwe imevunjika. Mfaransa Champollion alipata jina la Kleopatra kwenye mnara wa Philae, akalilinganisha na la Ptolemaio. Alama ya simba ilikuwa ya nne kwa Ptolemaio na ya pili kwa Kleopatra, palepale panapotakiwa L. P na O zikalingana pia. T zilitofautiana, naye akaamua kwamba sauti moja yaweza kuwa na alama mbili.

Je, mbinu hiyo ilifaa kwa majina ya Kigiriki tu? Mwaka 1822 alikuta kitanzi chenye jua mwanzoni na S mbili mwishoni. Kwa Kikopti, lugha iliyotokana na Kimisri cha kale, jua ni “re”. Akaichukulia alama ya kati kuwa M, akasoma: Ramesesi, farao wa Kimisri hasa.