Namna ya kunakili fishi yenye visanduku ndani ya mesaji

Wandugu wa koperative, kulikuwa fishi moja ya kukagua shamba la muhogo, ile yenye kutoa vijiti vya kupanda. Sekretere aliiandika kwenye telefone kwa kunakili mstari huu:

```
Mozaiki kwa majani? Ndiyo ☒ Hapana ☐
```

Kwa telefone yangu ndogo, visanduku viwili vilitokea sawasawa, vyote vitupu. Nilidhani hakuna ugonjwa. Bahati nzuri nilipiga simu mbele vijiti kukatwa, maana mozaiki inasafiri ndani ya vijiti: ukipanda vigonjwa, unapata shamba gonjwa.

Kosa halikuwa la sekretere. Telefone nyingi za zamani hazijue kuandika ☒ wala ☐, kwa hiyo zinaweka kitu kimoja mahali pa vyote viwili. Tena mesaji ya kawaida inabeba herufi 160, lakini ukitia alama moja tu ya namna ile inashuka mpaka 70, na unalipa mesaji nyingi. Rangi, herufi nene na mstari wa chini navyo vinapotea.

Basi tumia vitu ambavyo kila telefone iko navyo: mabano ya kawaida, herufi X na kistari. Mabano ya pembe, [ na ], yanafanya kazi pia, lakini kwa mesaji kila moja inahesabiwa kama herufi mbili. Nyota usitumie, kwa WhatsApp nyota mbili zinageuza neno kuwa nene, halafu zenyewe hazionekane tena.

```
X=imewekwa alama, -=haikuwekwa
3. Mozaiki kwa majani?
(X) Ndiyo
(-) Hapana
4. Wadudu weupe?
(-) Ndiyo
(-) Hapana
BILA JIBU
Jumla X: 1
```

Angalia kwamba alama inatangulia neno, na kila jibu liko na mstari wake. Ukiandika "Ndiyo (X) Hapana (-)" kwa mstari mmoja, msomaji hajue kama X ni ya Ndiyo ao ya Hapana. Kisanduku kitupu usikiache wazi wala usikiruke: kistari kinaonyesha kama ulikiona. Mwenye hakujibu, andika hivyo, usimjibie.

Mstari wa kwanza wa maelezo ni wa lazima, sababu kuna wazee kwetu wanaweka X kwa kufuta kile hawataki. Kama karatasi iko na X kwa namna hiyo, ama zote mbili zimewekwa alama, rudia kwanza kwa mwenye shamba. Ukikosa kumpata, weka (?) kwa zote mbili.

Kisha kumaliza, hesabu alama kwenye karatasi, uilinganishe na jumla ya X. Zikipishana, kuna mstari ulirukwa. Karatasi yenyewe muichunge mpaka vijiti vipandwe.