Makala Iliyochapishwa Si Maelekezo

Swali ni lilelile, na huniandama hadi stejini Dundori: "Daktari, huna makala yoyote iliyowahi kutoka kwenye jarida ninalolenga unitumie, niifuate vile ilivyo?" Ninayo. Sikutumii. Nitakueleza kwa nini, halafu natumaini swali hili litapumzika.

Tuchukue mtafiti wa viazi. Amezunguka mashamba ya Dundori msimu mzima akihesabu mimea iliyopigwa na mnyauko wa bakteria, akachukua udongo, akawahoji wakulima wametoa wapi mbegu. Kazi ni nzuri na anataka kuipeleka PLOS ONE. Anafungua makala moja ya jarida hilo iliyochapishwa, anaiweka upande wa kushoto wa skrini, mswada wake upande wa kulia, na kuanza kunakili sura: kichwa kikae hapa, michoro iingie pale, habari za mfadhili ziwe ukurasa wa kwanza. Siku tatu baadaye ana mswada unaopendeza macho. Jarida litamrudishia kabla mhariri hajausoma.

Makala iliyochapishwa ni kitu kilichokwisha kupita mikononi mwa watu wengine. Mkulima anayetaka kujua kiwanda kinapokea viazi vya aina gani hachunguzi pakiti ya krisps. Anakwenda langoni kuuliza ukubwa, ukavu na magunia. Maelekezo kwa waandishi ndiyo lango. Yanasema kitu gani kiletwe, kwa kiasi gani, na muhimu kuliko yote, kiwekwe wapi. Hilo la mwisho huwezi kamwe kulisoma kwenye pakiti.

Anza na ufadhili. Kwenye ukurasa wa kwanza wa makala ya PLOS ONE iliyochapishwa, pembeni, utakuta tamko la ufadhili, tamko la mgongano wa maslahi na tamko la mahali data inapopatikana. Mtafiti wetu akiona hivyo, naye huyaandika kwenye ukurasa wake wa kwanza. Maelekezo yanasema kinyume: habari za mfadhili zisiwe popote ndani ya mswada, hata kwenye shukrani. Zinajazwa kwenye visanduku vya mfumo wa kutuma, na jarida ndilo linalozihamisha hadi ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo aliyeiga kwa uaminifu zaidi ndiye aliyekosea zaidi.

Michoro nayo ni hivyohivyo. Ndani ya makala iliyochapishwa, ramani ya Dundori ingekaa katikati ya maandishi. Ndani ya mswada haitakiwi kuwepo kabisa. Kila mchoro unapakiwa peke yake, kwa umbo la TIFF au EPS, kwa jina kama `Fig1.tif`. Maelezo ya mchoro ndiyo yanayobaki ndani ya mswada, chini ya aya inayoutaja mara ya kwanza. Jedwali, kwa upande wake, halipakiwi peke yake. Linakaa ndani ya mswada baada ya aya inayolitaja, na liwe jedwali lenye seli, si picha ya jedwali. Vitu viwili vinavyoonekana sawa kwenye makala iliyochapishwa vinafuata njia mbili tofauti kabisa wakati wa kutuma.

Kuna pia vitu ambavyo makala iliyochapishwa imevifuta. Mswada unatakiwa uwe na nafasi mbili kati ya mistari, na mistari ipewe nambari zisizokatika kutoka mwanzo hadi mwisho, ili mpitiaji aweze kusema "mstari wa 214 hauna ushahidi." Nambari hizo huondolewa kabla ya kuchapisha. Barua kwa mhariri huioni. Idhini za waandishi wenza huzioni. Tena, makala uliyoipakua huenda iliandikwa chini ya masharti ya zamani. PLOS ilikaza sharti lake la data mwaka 2014; ukiiga makala ya 2012 unafuata utaratibu uliokwisha kuzikwa.

Basi usiniambie kwamba kuiga "kunaokoa muda." Nimeona watu wazima, wenye shahada mbili, wakipanga safu na kuchagua rangi za vichwa usiku kucha, kazi ambayo jarida lina wapangaji wake wa kuifanya. Na wapo vijana wa saiba mjini Nakuru wanaotoza pesa kwa ajili ya "kuformati" kwa njia hiyohiyo. Wanakuuzia sura. Jarida halikuuliza sura.

Sasa tusome lango lenyewe. Fungua ukurasa wa maelekezo, uuhifadhi kama PDF na uandike tarehe uliyousoma. Pitia sentensi moja moja, na kila yenye amri uihamishe kwenye jedwali lako. Sentensi za kujisifu za jarida ziache. Jedwali liwe na safu tano: sharti lenyewe, kipimo chake, linakaa wapi, nani analishughulikia, limekamilika au la.

Safu ya tatu ndiyo yenye uzito. Kila sharti lina makao yake, nayo ni manne tu: ndani ya mswada, kwenye faili ya peke yake, kwenye kisanduku cha mfumo, au mikononi mwa mtu mwingine ambaye lazima akupe kitu. Ukishindwa kusema sharti linakaa wapi, hujalielewa. Rudi ulisome tena.

Kwa mtafiti wetu, ndani ya mswada ni rahisi. Kichwa kisizidi herufi 250. Kichwa kifupi kisizidi 100. Ikisiri isizidi maneno 300 na isiwe na marejeleo. Yake ina 412, kwa hiyo 112 yanaondoka, na ya kwanza kuondoka ni historia ya viazi Kenya. Sehemu ni hizi: utangulizi, vifaa na mbinu, matokeo, mjadala, kisha shukrani na marejeleo. Urefu wa mswada mzima hauna kikomo. Jambo hilo pia liandike, maana nusu ya wanaoniuliza wamekwisha kukata matokeo yao bila kuombwa.

Kwenye faili za peke yake ndipo ramani yake inapokwama. Aliituma kwa WhatsApp kwa mwenzake, akaipokea tena ikiwa na upana wa pikseli 720. Jarida linataka upana kati ya pikseli 789 na 2250, kwa nukta 300 kwa inchi. Kuivuta ili iwe pana hakuongezi kitu, kunaongeza ukungu. Arudi kwenye programu aliyochorea ramani, aitoe upya kwa inchi 7.5, apate pikseli 2250 halisi. Na kama ameweka mashamba yake juu ya picha ya Google, aanze upya: jarida linachapisha kwa leseni huria, na picha hizo hazina leseni ya namna hiyo.

Mikononi mwa wengine ndiko kwenye ucheleweshaji, na ndiko watu wasikoangalia hadi usiku wa kutuma. Kenya, utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013, na kwa kuwa amewahoji wakulima, anahitaji pia kibali cha kamati ya maadili. PLOS ONE inataka sehemu ya mbinu itaje kamati iliyoidhinisha, nambari ya kibali, na kama wakulima waliridhia kwa maandishi au kwa mdomo. Kwa kazi ya shambani inataka pia vibali vya kuingia na kuchukua sampuli vitajwe. Kibali hakipatikani kwa kurudi nyuma. Kama hakikuwepo kabla ya hojaji ya kwanza, hakuna orodha itakayomwokoa, na afadhali ajue leo.

Sharti la data linagusa makao yote manne, na humo ndimo mtego mkubwa wa kazi ya aina hii. Jarida linataka data iliyozaa matokeo ipatikane kwa wote. "Itatolewa kwa atakayeomba kwa mwandishi" halikubaliki, isipokuwa kuna kizuizi cha kisheria au cha kimaadili kinachoelezwa. Lakini lahajedwali la mtafiti wetu lina majina, nambari za simu na vipimo vya GPS vya kila shamba. Dundori mashamba ni madogo na watu wanajuana. Kipimo cha GPS ni sawa na jina. Akiweka faili hiyo wazi, ametangaza shamba la nani lina ugonjwa, na mnunuzi wa mbegu atasoma. Kwa hiyo aondoe majina na simu, ataje eneo badala ya nukta, na afanye vivyo hivyo kwenye ramani. Kisha atazame fomu ya ridhaa: je, wakulima waliambiwa data itawekwa wazi? Kama hawakuambiwa, airudie kamati iliyompa kibali kabla ya kugusa mfumo, na tamko lake lieleze kizuizi hicho.

Yaliyobaki, haraka. Anayewasiliana na jarida awe na nambari ya ORCID. Mchango wa kila mwandishi uandikwe; mkuu wa idara ambaye hakufanya kazi si mwandishi, mweke kwenye shukrani. Mgongano wa maslahi ujazwe hata kama haupo, kwa kusema haupo. Kampuni ya mbegu iliyokupa gari ni maslahi. Ombi la kupunguziwa ada hufanywa wakati wa kutuma mara ya kwanza, si baada ya kukubaliwa. Ukikataliwa, usipeleke orodha hiihii kwingine: East African Medical Journal, kwa mfano, hutoa ikisiri zenye vichwa vidogo vya lengo, mahali na matokeo, wakati ya PLOS ONE haihitaji vichwa hivyo. Jarida jipya, jedwali jipya.

Mwisho, mfumo utakuundia PDF moja kutokana na vyote ulivyopakia. Ifungue na uilinganishe na jedwali lako mstari kwa mstari: nambari za mistari zipo, michoro yote imekuja na inasomeka, mfadhili hayumo kwenye mswada. Kila mstari ukiwa na alama kwenye safu ya tano, idhinisha. Mstari mmoja ukiwa mtupu, funga kompyuta, ukampigie simu mtu ambaye jina lake liko kwenye safu ya nne.