Je, Wajua? Nundu Inayovuruga Dozi ya Insulini

Je, wajua kwamba insulini hunenepesha pale inapochomwa? Mbali na kuiingiza sukari kwenye seli, insulini huziamuru seli za mafuta ziweke akiba na kukua. Ukichoma sindano palepale kila siku, mafuta ya hapo hutanuka na ngozi huinuka kama andazi dogo. Wataalamu huiita lipohaipatrofia. Sisi tuiite nundu.

Je, wajua kwamba nundu mara nyingi haiumi? Hapo ndipo mtego ulipo. Sindano ikiingia kwenye nundu mtu huenda asihisi maumivu, basi kesho anarudi palepale, na nundu inazidi kukua.

Je, wajua kwamba insulini iliyochomwa kwenye nundu haina ratiba? Leo huingia kwenye damu kidogo na kwa kuchelewa, kesho ikaingia zaidi. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba dozi ileile ikichomwa kwenye nundu, sukari baada ya kula hupanda kwa angalau robo zaidi kuliko ikichomwa kwenye ngozi nzima. Nchini Hispania, mwaka 2013, watafiti waliwapima wagonjwa 430 na kukuta karibu theluthi mbili wana nundu. Kati ya wenye nundu, asilimia 39 sukari yao ilikuwa ikishuka mno bila sababu inayoeleweka. Kwa wasio na nundu ilikuwa asilimia 6 tu.

Je, wajua kwamba kuhama nundu ghafla kunaweza kukuangusha? Tuchukue mfano wa mama anayechoma yuniti 30 za insulini ya mchanganyiko kila asubuhi, kulia kwa kitovu. Sukari yake ya mchana haishuki chini ya 15, basi anaongezewa dozi hadi yuniti 36. Siku moja anaamua kuchoma upande wa kushoto, ambao haujaguswa kwa miaka. Saa tano asubuhi jasho linamtoka, mikono inatetemeka, na kipimo kinasoma 2.9. Dozi hakukosea. Yuniti 36 zilizokuwa zikikwama kwenye nundu, leo zimefika zote. Ndiyo maana anayehama nundu hupunguziwa dozi kwanza, mara nyingi kwa asilimia 10 hadi 20. Kwa mama huyu, asilimia 20 ingemshusha hadi yuniti 29 hivi. Hesabu hiyo ifanyike pamoja na kliniki yake, na sukari ipimwe mara nyingi zaidi siku za mwanzo.

Je, wajua kwamba vidole huigundua nundu ambayo macho hayaioni? Paka losheni au povu la sabuni tumboni, kisha pitisha ncha za vidole taratibu, kutoka kwenye ngozi usiyoichoma kuelekea unapochoma. Ukikuta mahali pagumu au panene kama mpira, paminye kwa vidole viwili. Ngozi nzima hufinyika ikawa nyembamba. Nundu hugoma kufinyika.

Je, wajua namna ya kuzungusha sindano bila kujichanganya? Ligawe tumbo robo nne kwa kukata kwenye kitovu, juu na chini, kulia na kushoto. Wiki hii robo moja, wiki ijayo inayofuata. Ndani ya robo, kila sindano ikae mbali na ya jana kwa upana wa kidole, na iwe mbali na kitovu kwa upana wa vidole viwili. Usichome tumboni leo na pajani kesho kwa dozi ileile ya asubuhi, kwani insulini ya kawaida na ya mchanganyiko huingia haraka zaidi kutoka tumboni.

Je, wajua kwamba mnene hahitaji sindano ndefu? Ngozi ya mtu mzima ina unene wa takriban milimita 2, awe mwembamba au mnene. Sindano ya kalamu ya milimita 4, ikichomwa wima, hufika kwenye mafuta. Ya bomba, yenye milimita 8, inaweza kufika kwenye msuli wa mtu mwembamba na sukari ikashuka kwa kasi. Huyo na ainue ngozi kwa kidole gumba na cha shahada, achome kwa kuinamisha, na aiachie ngozi baada ya kuchomoa sindano. Anayetumia kalamu ahesabu hadi 10 kabla ya kuchomoa.

Je, wajua kwamba sindano iliyorudiwa huchangia nundu? Ncha yake hupinda na kuijeruhi ngozi.

Je, wajua kwamba nundu hunywea ikiachwa? Huchukua wiki kadhaa hadi miezi. Izungushie duara kwa kalamu ya wino, na kila linapofutika ulichore tena. Humo sindano isiingie.