Asha au Asya? Kuihamisha kanda ya Bibi kabla haijanyamaza

Katika miaka ya 1970 na 1980, familia nyingi zilizotawanyika baada ya 1964 baina ya Unguja, Pemba, Maskati, Dubai na London zilipelekeana barua za sauti. Mzee alikaa mbele ya rikoda, akatoa salamu kwa majina, mmoja baada ya mwengine, akaeleza nani kazaa, nani kafariki na shamba gani limeuzwa. Kanda ikatiwa katika mkoba wa msafiri. Leo kanda hizo zimo kabatini, na kwa baadhi ya koo ndiyo nasaba pekee iliyohifadhiwa kwa mdomo wa mwenyewe.

Kanda tutakayoifuata hapa ni ya dakika 90, imeandikwa kwa kalamu ubavuni: "Bibi, Wete". Familia ilikuwa imeshaipeleka dukani ikageuzwa kuwa faili la MP3. Bibi anasikika akiwataja watoto wa shangazi yake, lakini alipofika kwa mama wa kijana aliyepelekwa Maskati, faili linatoa neno lisiloeleweka. Huyu asema "Asha", yule asema "Asya". Katika ukoo ule wote wawili walikuwapo, tena ndugu wa tumbo moja, na bila ya kulijua jina hilo tawi zima la nasaba halijulikani lipachikwe wapi. Kwa bahati njema kanda yenyewe haikutupwa.

Tofauti ya "sh" na "sy" iko katika sauti nyembamba za juu, na hizo ndizo za mwanzo kupotea kanda inapochezwa vibaya. Kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye mashine ya kuchezea, kabla ya kompyuta kuwashwa.

Kwanza tuliitazama kanda yenyewe. Tulivunja vile vibati viwili vidogo vya plastiki mgongoni mwake, ili mtu asije akairikodia juu kwa bahati mbaya. Kisha tukachungulia katika uwazi wa mbele. Pale katikati huwapo kipande kidogo cha sufi juu ya chuma chembamba, kazi yake kuukandamiza utepe kwenye kichwa cha rikoda. Katika kanda hii gundi ilikuwa imekauka na sufi imeanguka. Dalili yake ni sauti inayofifia na kurudi, kama mtu anayesema huku akigeuza uso. Tulifungua skrubu tano za ganda, tukaziinua roda mbili pamoja na utepe wake, tukaziweka katika ganda la kanda mpya yenye sufi nzima. Anayefanya hivi apige picha kwanza, ili ajue utepe ulivyopita, na asiuguse kwa vidole. Ganda lililogandishwa bila ya skrubu hupasuliwa kwenye maungio, na kazi hiyo ni bora apewe mwenye uzoefu.

Pili, mashine. Vile vichezeo vidogo vya bei rahisi vyenye waya wa USB huyumbisha mwendo wa utepe, na waimbaji na wasemaji wote hutetemeka. Tafuta deki ya mezani iliyotumika, lakini bado nzima. Safisha kichwa na kile kigurudumu cha mpira kwa pamba na spiriti safi ya isopropili, uache vikauke. Kama kanda ilirikodiwa kwa redio-kaseti ya kawaida, zima kitufe cha Dolby, kwani kitaziua sauti za juu ambazo hazikuwahi kuongezwa.

Tatu, na hapa ndipo jina la Bibi lilipokuwa limefichwa: mkao wa kichwa. Mwanya mwembamba wa kichwa hupaswa kusimama wima kabisa mbele ya utepe unaopita. Rikoda ya Wete ilikuwa na kichwa kilichoinama kidogo. Deki ya dukani ilikuwa na mkao wake mwengine. Viwili hivyo visipolingana, sauti za juu hufa, na hakuna programu itakayozifufua baadaye. Pembeni mwa kichwa pana skrubu ndogo yenye springi. Tia alama ya rangi pale ilipokuwa, ili uweze kuirejesha. Vaa spika za masikioni, unganisha kulia na kushoto ziwe sauti moja, cheza mahali penye maneno mengi, kisha izungushe skrubu polepole, chini ya robo mzunguko, huku na huku. Usikilize herufi za "s" na "sh". Zitang'aa mahali pamoja tu, na ukipita kidogo zitazibika tena. Rudia upande wa pili, kwa kuwa mkao wake waweza kuwa mbali.

Hapo ndipo tulipounganisha waya. Waya hutoka tundu la nyuma ya deki lililoandikwa LINE OUT, si la spika za masikioni, na huingia katika kisanduku cha sauti cha USB chenye biti 24. Katika programu ya Audacity tulichagua kilohazi 96, tukarikodi njia zote mbili hata kama Bibi alirikodiwa kwa njia moja, kwa sababu mara nyingi njia moja huwa safi kuliko ya pili. Vilele vya sauti tuliviweka karibu na desibeli 12 chini ya kikomo. Sauti ikigonga kikomo hukatwa, na kilichokatwa hakirudi. Kanda ya dakika 90 huchukua dakika 90. Hakuna njia ya mkato.

Faili la WAV lililotoka lilikuwa kama GB 3.1 kwa pande mbili. Hilo ndilo faili mama. Halifutwi mivumo, halikatwi kikohozi, wala jogoo anayewika nyuma. Duka lile lilikuwa limepitisha kichujio cha mvumo, nacho huchukua "s" na "sh" pamoja na mvumo, kwani masikioni mwa kompyuta zinafanana. Usafishaji ufanywe juu ya nakala, na MP3 iwe ya kusambaza kwa simu tu.

Kupunguza nafasi bila ya kupoteza chochote, WAV hugeuzwa FLAC, kisha faili hupewa alama yake ya hesabu:

```
flac --best --verify kanda014_A.wav
sha256sum kanda014_A.flac > kanda014_A.sha256
```

Miaka ikipita, hesabu hiyo ikirudiwa na ikatoka tofauti, ujue faili limeharibika na ulichukue kutoka nakala nyengine. Ziwe nakala tatu, moja katika mji mwengine. Jina la faili liwe namba ile ile iliyoandikwa juu ya kanda; nani anasema, wapi na lini viandikwe katika daftari la pembeni, pamoja na neno "yasemekana" pale penye shaka.

Tulipoicheza kanda ya Wete baada ya skrubu kukaa sawa, Bibi alilitaja jina mara mbili, na mara ya pili akalivuta kama anayemsahihisha mtu: Asya. Mjukuu wake, mwanamke wa miaka sitini na kitu, akaomba irudishwe. Tukamchezea faili, kanda tukaiacha ipumzike katika kasha lake.