Ankara Imetoka, Hela Haijaingia

Chukua karakana ndogo ya kuchomelea vyuma pale Morogoro, iliyopata oda ya madawati ya shilingi milioni 4.5 kutoka shule moja. Novemba shule inatanguliza milioni 1.5. Karakana inanunua mabomba na mbao kwa milioni 2.7 taslimu, na tarehe 12 Desemba madawati yanapokelewa shuleni pamoja na ankara. Milioni 3 zilizobaki zinalipwa Februari. Je, mwaka ulioishia Desemba ulikuwa wa faida au wa hasara?

Kwa msingi wa fedha taslimu, huandikwi mpaka hela iguse mkono. Mwaka huo ziliingia milioni 1.5 na kutoka 2.7, kwa hiyo ni hasara ya milioni 1.2. Kisha Februari inaonekana kuwa na neema ya milioni 3, ingawa hakuna dawati hata moja lililotengenezwa mwezi huo.

Kwa msingi wa malimbikizo, mapato huhesabiwa pale unapostahili kulipwa. Madawati yalipopokelewa Desemba, milioni 4.5 zote zikawa mapato. Ukitoa vifaa, faida ni milioni 1.8, na shule inaandikwa kwenye orodha ya wadaiwa kwa milioni 3. Ile hela ya Novemba, kabla mzigo haujafika, ilikuwa deni la karakana kwa shule.

Wengi huteleza kwenye tarehe ya ankara. Madawati yakipokelewa Desemba na ankara ikaandikwa Januari, mapato bado ni ya Desemba, kwa sababu haki ya kulipwa imetokana na kazi iliyokamilika.

Nchini Tanzania, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inailazimu kampuni kutumia malimbikizo, hata ikiwa ni kampuni ya ndugu wawili. Anayefanya biashara kwa jina lake binafsi anaweza kutumia msingi wowote kati ya hiyo miwili, mradi uonyeshe mapato yake kwa uwazi zaidi.

Hapa kampuni changa huumia. Kodi ya asilimia 30 juu ya milioni 1.8 ni shilingi 540,000, na inadaiwa hata kama shule haijalipa. Deni likishindikana kabisa linaweza kufutwa kama deni mbaya, lakini lazima uwe umechukua hatua za kweli kulidai. Kwa hiyo tunza nakala za barua na ujumbe wote wa kukumbusha.

Kosa jingine huja Februari: karani anaona milioni 3 benki na kuziandika tena kama mapato, badala ya kupunguza deni la shule. Utaligundua ukijumlisha ankara zisizolipwa zilizo kwenye faili na kulinganisha na jumla ya wadaiwa vitabuni. Vitabu vikizidi kwa milioni 3 kamili, fungua ukurasa wa shule hiyo kwanza.