Bosi anakupeleka Arlon: posho ya mbali inaongeza nini hasa kwenye mshahara wako?

Unaishi Matonge, umezoea kupanda gari la kampuni pale Porte de Namur saa kumi na moja na nusu asubuhi, na jioni unarudi kula kwako. Halafu bosi anakwambia kuanzia mwezi ujao saiti ni Arlon, karibu kilomita 190 kutoka Brussels, kazi ya miezi minne. Utaondoka Jumatatu na kurudi Ijumaa. Anaongeza: "Usijali, kuna posho." Neno hilo likisikika, wengi wetu tunapiga simu Bukavu au Mombasa jioni hiyohiyo kusema mambo yamenyooka. Subiri kidogo, tupige hesabu kwanza.

Nyumbani tumezoea aina moja ya posho ya mbali. Mwalimu Mkenya akipangiwa Turkana analipwa posho ya mazingira magumu. Hiyo ni fidia ya ugumu wenyewe: jua, umbali, upungufu wa huduma. Anailipwa hata kama hatumii hata shilingi moja ya ziada, na serikali inaikata kodi kama sehemu ya pato lake.

Kwenye ujenzi wa Ubelgiji mambo hayaendi hivyo. Mikataba ya sekta yetu, ile ya kamati inayoandikwa PC 124, inasema kwamba mfanyakazi akipelekwa mbali kiasi cha kutoweza kurudi kwake kila siku, mwajiri anabeba malazi na chakula chake. Anaweza kukupa chumba na chakula mwenyewe, au akakulipa kiasi fulani kwa kila siku ili ujitafutie. Pesa hiyo si zawadi kwa kuwa mbali na familia. Ni gharama ya mwajiri inayopitia mfukoni mwako, na ndiyo maana kwa kawaida haikatwi kodi wala mchango wa hifadhi ya jamii, ule wa ONSS. Inaonekana tamu kwenye slipu kwa sababu inaingia nzima.

Tuchukue mfano. Namba nitakazotumia ni za kufundishia tu, kwa hiyo weka za kwako mahali pake. Fundi analipwa euro 18 kwa saa, anafanya saa 160 kwa mwezi. Mshahara wake ghafi ni euro 2,880. Bosi anamwekea mezani njia mbili.

Njia ya kwanza: mshahara unabaki vilevile, na kuna posho ya euro 45 kwa kila usiku anaolala Arlon. Usiku nne kwa wiki, wiki nne, ni usiku 16. Jumla euro 720, haikatwi kitu. Chumba na chakula ajitafutie.

Njia ya pili: kampuni inalipa chumba na chakula moja kwa moja, yeye hashiki hela hiyo. Lakini mshahara wa saa unapanda kwa euro 2 kwa muda wote wa Arlon. Euro 2 mara saa 160 ni euro 320 ghafi kwa mwezi.

Ukiuliza watu kumi kwenye baa ya Chaussée de Wavre, wengi watakwambia chukua 720, kwani 320 yenyewe inakatwa. Sasa tuone.

Kwenye njia ya kwanza, fundi anapata kitanda kwenye chumba cha kushirikiana kwa euro 25 kwa usiku. Usiku 16 ni euro 400. Kule hana jiko la maana, kwa hiyo ananunua mikate na chakula cha tayari. Tuseme inamgharimu euro 8 zaidi kwa siku kuliko anapopika kwake. Siku 20 za kazi ni euro 160. Toa 400, toa 160, katika zile 720 zimebaki euro 160. Hiyo ndiyo faida yake halisi ya mwezi.

Kwenye njia ya pili, zile euro 320 zinapita kwenye makato. Mchango wa mfanyakazi kwa ONSS ni asilimia 13.07, na kwa sisi wafanyakazi wa mikono unapigwa juu ya asilimia 108 ya mshahara ghafi, siyo 100. Kwa hiyo 320 inahesabiwa kama 345.60, na mchango ni kama euro 45. Zinabaki 275. Kodi inayozuiwa inategemea familia yako na kiwango chako, lakini kwenye nyongeza ya mshahara wa namna hii ni rahisi ikafika asilimia 43 hivi, yaani kama euro 118. Mkononi zinabaki karibu euro 157.

Umeona? 160 kwa 157. Mfukoni njia hizi mbili zinakaribia kulingana, ingawa moja ilitangazwa kama 720 na nyingine kama 320. Lakini hesabu haijaisha, kwa sababu kuna pesa ambayo haionekani kwenye slipu ya mwezi huo.

Kwenye ujenzi tunapata stempu za uaminifu, zile zinazolipwa vuli, karibu na Novemba. Mwajiri analipia asilimia 9 ya mshahara ghafi, kwa kipindi cha kuanzia tarehe 1 Julai hadi 30 Juni. Nyongeza ya 320 inaingia kwenye hesabu hiyo na kukuletea euro 28.80 za stempu kwa mwezi. Posho ya 720 haileti hata senti moja, kwa sababu si mshahara.

Pesa ya likizo ni hivyohivyo. Kwa wafanyakazi wa mikono haitoki kwa bosi, inatoka kwenye mfuko wa likizo mwaka unaofuata, na ni asilimia 15.38 ya ule mshahara uliopandishwa hadi 108. Kwa nyongeza yetu ni asilimia 15.38 ya 345.60, yaani kama euro 53 kwa mwezi. Ukijumlisha na stempu ni karibu euro 82 kwa mwezi, na kwa miezi minne ni kama euro 328. Nazo zitakatwa kabla ya kukufikia, lakini kitakachobaki ni chako, na kinakuja wakati tiketi ya ndege na ada za shule vinabisha hodi pamoja.

Kuna siku ya kuumwa pia. Mfanyakazi wa mikono mwenye haki ya mshahara wa ugonjwa analipwa na mwajiri mshahara kamili kwa siku 7 za kwanza, kisha asilimia 85.88 kwa siku 7 zinazofuata, na baadaye mfuko wa bima ya afya unachukua sehemu kubwa ya mzigo kwa asilimia 60 ya mshahara wenye ukomo. Hesabu zote hizo zinashika mshahara. Posho ya usiku inasimama siku unayobaki kitandani kwako, hata kama mwenye chumba cha Arlon bado anadai kodi ya mwezi mzima. Hapo ndipo watu wanaingia hasara: posho inahesabiwa kwa usiku, chumba wamekodi kwa mwezi. Wiki moja ya homa kwenye mfano wetu inaondoa euro 180 za posho. Ukiwa na chumba cha mwezi, ile faida ya 160 karibu yote imekwisha, hata ukihesabu chakula ambacho hukununua wiki hiyo. Kama unajitafutia chumba, jitahidi ukilipe kwa usiku au kwa wiki.

Sisemi njia ya pili ni bora kwa kila mtu. Ukiwa na ndugu Arlon anayekulaza bure, 720 inabaki karibu nzima, na hapo njia ya kwanza inashinda kwa mbali. Kinachoamua ni gharama yako halisi, siyo ukubwa wa namba kwenye slipu.

Lakini kuna njia ya tatu ambayo bosi haitangazi, nayo inatuumiza. Anashusha saa zilizoandikwa kwenye slipu, au anakuweka ngazi ya chini ya mshahara kuliko kazi unayofanya, kisha anaziba pengo kwa posho. Mkononi unapata kilekile, wakati mwingine zaidi kidogo, kwa hiyo hupigi kelele. Stempu, likizo, ugonjwa na pensheni vyote vinashuka kimyakimya. Utaitambua hivi: posho inalipwa hata wiki ulizofanya kazi Brussels na kulala kwako, saa za slipu ni chache kuliko za daftari lako, au posho inapanda mwezi uliofanya saa nyingi, wakati idadi ya usiku haijabadilika. Posho haiwezi kuchukua nafasi ya mshahara wa chini wa sekta. ONSS nayo ikiona posho isiyo na gharama nyuma yake, inaweza kuihesabu kama mshahara na kudai michango. Kwa hiyo andika kila siku saa ulizofanya na mahali ulipolala, na utunze risiti za chumba. Ukienda kuuliza kwenye chama cha wafanyakazi, daftari hilo ndilo litakalokusemea. Usisubiri sana: madai ya mshahara yana ukomo wa miaka 5, na mkataba ukishaisha una mwaka 1 tu.

Dada zetu wa kazi za nyumbani, hili linawagusa pia, hasa familia inapohamia baharini mwezi wa Julai na kukuomba uende nao. Ukilala na kula kwao, gharama yako ya ziada ni ndogo, kwa hiyo wasiite "posho" kile ambacho kwa kweli ni malipo ya saa za jioni na za Jumapili. Saa za kazi zilipwe kama saa za kazi na zionekane kwenye slipu. Na kama wanataka kuhesabu chumba na chakula kuwa sehemu ya mshahara wako, hilo liandikwe na ulione kabla ya kuondoka, siyo ulikute mwisho wa mwezi.

Sasa ile simu ya nyumbani. Fundi wetu akisema amepata 720 zaidi, nyumbani watapanga kwa 720: ukuta utaanza kujengwa, mtoto atahamishiwa shule ya bweni. Kumbe za kutuma ni 160, tena kwa miezi minne tu. Kiasi cha kutuma kila mwezi kipimwe kwa mshahara wa kawaida, ule utakaobaki saiti ya Arlon ikifungwa. Posho ikiingia, toa kwanza chumba na chakula. Kinachobaki kiweke kwenye akaunti tofauti hadi mwisho wa mwezi, kwa sababu ndicho kitakacholipa ile wiki ya homa. Kikisalia mwisho wa miezi minne, kitume mara moja kwa kazi moja inayokwisha: mabati ya paa, deni la hospitali, ada ya muhula mmoja.

Kabla hujamjibu bosi, muulize mambo matatu na uombe majibu kwa maandishi: posho ni kwa usiku au kwa siku ya kazi? Nikiumwa au kazi ikisimama, chumba analipa nani? Mshahara wangu wa saa na ngazi yangu vinabaki vilevile? Akijibu yote matatu, chukua kalamu na upige hesabu kama tulivyofanya hapa, kwa namba zako mwenyewe.